Banki ikifunga, ajenti naye anaishiwa

Komunike ya banki tunaijua wote. Inabandikwa ku mulango, kwa Kifaransa, siku moja ao mbili mbele ya siku kuu: tarehe 16 na 17 Januari, ukumbusho wa Laurent-Désiré Kabila na Patrice Emery Lumumba, gishe zote zitafungwa, watu watumie kadi ku mashini ya kutosha feza, ao simu. Mwaka 2026 tarehe zile ziliangukia siku ya tano na posho, na nyuma yake yenga. Siku tatu.

Sisi wa sendika hatukatae siku kuu. Wale wa gishe nao ni watumikaji, wapumzike. Lakini lile neno "ao simu" linapita mbio sana.

Tukitosha feza ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, ajenti wa mu kibanda anatupatia noti zake mwenyewe, naye anabakia na feza ya ku simu. Noti zikimuishia, anaendaka kuzitafuta ku banki, na banki imefungwa. Njo maana siku ya kwanza ya konje ajenti anakutoshea bila shida, lakini kesho yake mangaribi anajibu: "Kashi hakuna." Mashini nayo, watu wakiimaliza, inaweza kungoja mupaka gishe zifunguke.

Mwenzetu mumoja yalimupata ile yenga. Mutoto alishikwa na malaria, lopitali wakaomba dola 50 mbele ya kumulaza. Ku konti alikuwa na 180. Mashini ya kwanza, tupu. Ya pili iliandika kama imetosha 100, lakini noti hazikutoka, na konti ikapunguka. Akahamisha 60 ku simu, akazunguka kwa ajenti watano. Wa mwisho alikuwa na 20 tu. Mama wa mutoto njo aliuliza: "Lopitali hawana namba ya kulipia ku simu?" Walikuwa nayo. Wanaume tunapenda kushika noti mu mukono!

Ile 100, alichunga karatasi ya mashini, akaandika saa na mahali, na siku ya kwanza asubuhi akapeleka barua ku banki. Ilirudi nyuma ya siku 9. Bila karatasi angelia mupaka leo.

Kwa hiyo, feza ihamishwe ku simu na noti kidogo zitoshwe mbele ya konje, wakati ajenti angali nazo. Na duka, farmasi, lopitali, tuwaulize namba yao mapema.

Lakini banki nayo iko na kazi. Tunaomba komunike ibandikwe siku 10 mbele, na kwa Kiswahili pia, iseme mashini gani zitajazwa mu konje na mara ngapi. Na kompanyi ilipe mushahara mbele ya gishe kufungwa. Barua mbili hizo tutazipeleka mbele ya 30 Juni. Mwenye karatasi ya mashini iliyomukatalia noti, atuletee kopi.