Mhusika Wako Anateleza, Na Sio "Stailo"

Wasee, wacha niseme kitu itakayoniletea maadui. Demo nyingi za gemu tunazorushiana huku zina wahusika wanaotembea kama wamevaa sabuni. Mchezaji anaachilia kibodi, mwili unasimama, miguu bado inatembea. Ukiuliza, unaambiwa, "Ni stailo, hakuna mtu anaona."

Wanaona. Gemu yangu ina mama anayebeba karai la omena kichwani kutoka ufuoni hapa Homa Bay. Mamangu, ambaye hajawahi kucheza gemu hata siku moja, aliangalia sekunde tatu akauliza, "Huyu amekanyaga matope?" Nilikuwa nimemaliza wiki mbili kwa hiyo kitu. Manze, iliniuma.

Na alikuwa sahihi. Mtu mwenye karai kichwani hasimami ghafla. Anapiga hatua mbili fupi kwanza, la sivyo omena iko chini. Yangu ilikuwa inatembea mita 1.6 kwa sekunde, na msimbo ulikuwa unapunguza mwendo hadi sufuri kwa sekunde 0.4. Hiyo ni sentimita 32 za safari. Lakini klipu ya kusimama ilikuwa na hatua mbili za jumla ya sentimita 70. Miguu imeahidi 70, mwili umelipa 32. Zile 38 zilizobaki ndizo matope ya mamangu.

Ile dawa ya video za mafunzo, "ongeza kasi ya klipu kidogo", haitibu kitu. Unapata mama anayetetemeka, na bado anateleza. Shida ni kwamba mabosi ni wawili: msimbo unasema mwili uende wapi, klipu inasema miguu iende wapi. Mfukuze mmoja. Klipu ikisogeza mfupa wa mzizi, injini isome huo mwendo na kuupa mwili. Kwa Godot 4, ndani ya AnimationTree unaweka `root_motion_track` kwenye mfupa huo, halafu:

```
func _physics_process(delta):
    quaternion = quaternion * tree.get_root_motion_rotation()
    var q = tree.get_root_motion_rotation_accumulator().inverse() * quaternion
    velocity = q * tree.get_root_motion_position() / delta
    move_and_slide()
```

Mvutano wa ardhi utaongeza mwenyewe. Na hakikisha AnimationTree yenyewe inakimbia kwa mpigo wa fizikia (Physics, sio Idle), la sivyo midundo miwili haitalingana na mwendo utakuwa wa kukatika-katika.

Klipu za Mixamo nazo hazina mfupa wa mzizi, zinaanzia kwa nyonga, `Hips`. Ukiifanya nyonga kuwa mzizi, ule mdundo wake wa juu na chini unaingia kwa mwili wote. Fungua Blender, ongeza mfupa mmoja chini sakafuni, uhamishie hapo mwendo wa mbele. Inachosha. Fanya tu. Na usiguse kile kisanduku cha In Place, kinafuta mwendo wenyewe unaoutaka.

Sasa hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Wanaweka hayo yote, na bado kusimama kunateleza! Sababu ni pale klipu mbili zinapochanganywa. Tuseme mchanganyiko unachukua sekunde 0.2. Kwa klipu ya kutembea mguu wa kushoto uko mbele, kwa ile ya kusimama uko nyuma. Katikati ya njia injini inachukua wastani, na wastani wa mbele na nyuma ni chini ya tumbo. Miguu yote miwili inavutwa pamoja ikiburuta ardhi. Utaijua ukicheza polepole: magoti yanagusana kabla ya mama kusimama.

Kwa hivyo nilitengeneza klipu mbili za kusimama, moja inayoanza kisigino cha kushoto kikigusa chini, nyingine cha kulia. Kwa klipu ya kutembea niliweka alama mahali kila kisigino kinagusa, na alama hiyo inaita kazi moja. Mchezaji akiachilia kibodi, mama hasimami papo hapo. Anangoja kisigino kijacho, halafu anaingia klipu ya mguu huo.

Kugeuka ni vilevile, klipu ndiyo inazungusha mzizi. Klipu yangu inageuka nyuzi 90. Nikitaka 70 tu, nazidisha mzunguko wa kila freimu kwa 0.78. Kisigino kinajisokota kidogo, lakini hata binadamu hujisokota.

Bei yake? Hatua yangu inachukua nusu sekunde, kwa hivyo kungoja kisigino kunaweza kufika hapo. Kwa mama wa omena hiyo ni uzito, unahisi karai. Kwa kijana anayekimbizwa na kanjo ni upuzi, mchezaji atatupa simu. Huyo wa kanjo nimemwachia msimbo, na anateleza kidogo. Mbio zile, hata mamangu hajaona.