Umebadilisha majina tu, na beste yako ndiye ataumia

Kuna huu ujanja unazunguka hosteli: unachukua programu ya beste yako, unabadilisha majina ya vigeu, unaituma, unalala. Mimi niliacha chuo, sina alama za kupoteza, kwa hivyo nitasema wazi. Huo ujanja ulikufa kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Moss, chombo alichotengeneza Alex Aiken mwaka 1994, hakisomi majina yako kabisa. Hebu cheki. Hii ni ya beste yako:

```python
total = 0
for mark in marks:
    total = total + mark
```

Na hii ni yako baada ya "kujituma":

```python
jumla = 0
for x in alama:
    jumla = jumla + x
```

Kwa macho, ziko tofauti. Lakini kabla ya kulinganisha, chombo kinaondoa nafasi na kuweka alama moja mahali pa kila jina. Zote mbili zinabaki takriban hivi:

```
V=0forVinV:V=V+V
```

Kazi yako ya usiku mzima imefutwa hapo hapo. Kilichobaki ni mpangilio, na huo hukuugusa.

Kisha mstari huo unakatwa vipande vifupi vinavyopandana: `V=0fo`, `=0for`, `0forV`, hivyo hivyo hadi mwisho. Kila kipande kinageuzwa kuwa namba, na baadhi ya namba zinahifadhiwa kama alama za vidole za faili yako. Faili mbili zikiwa na alama nyingi zinazofanana, zinapanda juu ya orodha. Hata ukihamisha fanksheni ya chini iende juu, vipande vyake vinaenda nayo, so bado utaonekana.

Sasa, chombo hakisemi "huyu ameiba." Mistari mitatu kama hiyo hapo juu kila mtu darasani anaweza kuiandika, na hiyo haithibitishi kitu. Lekchara ndiye anafungua faili mbili kando kwa kando, sehemu zinazofanana zikiwa na rangi, anaamua. Akiona fanksheni ndefu zenye hatua zilezile, na kosa lilelile la ajabu mahali palepale, hapo maswali yanaanza.

Na hapa ndipo naona watu hawafikirii. Moss inaonyesha kufanana, haionyeshi nani alinakili kwa nani. Beste yako aliyekesha akiandika ataitwa ofisini pamoja na wewe, na itabidi ajitetee kwa kazi yake mwenyewe. Yeye angalau anaweza kueleza kila mstari. Wewe utaeleza nini, ati kwa nini uliita `x`?

Kama umekwama, mwambie akuelezee wazo, funga laptopu yake, kisha uandike yako. Ikitoka mbovu, ni alama zako peke yako zinashuka.