Kilio cha Bibi Arusi

Katika mji wa Malindi, na katika vijiji vyote tangu Mambrui mpaka Takaungu, ni jambo linalojulikana ya kuwa bibi arusi hulia. Hulia akisingwa, hulia akitiwa hina, na wanawake waliomzunguka humcheka kwa mapenzi wakisema kwamba kila mmoja wao alilia vivyo hivyo siku yake ilipofika. Maneno hayo ni ya kweli, na hatari yake imo humo humo. Kwa kuwa ni ya kweli kwa wengi, huambiwa pia yule ambaye kilio chake kina sababu nyingine. Bwana arusi naye hupatwa na woga, ila yeye hukosa usingizi akasingizia joto.

Mwaka 2012 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, Mabwana Justin Lavner, Benjamin Karney na Thomas Bradbury, walitoa habari za uchunguzi wao juu ya jozi 232 za wake na waume waliokuwa wameoana karibuni. Kila mmoja aliulizwa kama aliwahi kusita kabla ya arusi. Wanaume 47 katika kila 100 walikiri kwamba walisita, na wanawake 38 katika kila 100. Ilipopita miaka minne, katika kila wanawake 100 waliosita, 19 walikuwa wamekwisha kuachana na waume zao. Katika wale wasiosita, 8 tu. Kwa wanaume tofauti ilikuwa ndogo zaidi. Hao ni watu wa mji mmoja wa Marekani, wala hesabu yao si kipimo cha Pwani ya Kenya. Hata hivyo yafaa kuona mambo mawili: waliosita walikuwa wengi, na wengi wao walidumu katika ndoa, lakini shaka ya mwanamke haikuwa upuuzi wa kufunikwa kwa vigelegele.

Basi woga upi ni wa kawaida, na upi ni onyo? Chukua mfano wa wasichana wawili wa kijiji kimoja karibu na Gede, ambao arusi zao zimepangwa mwezi mmoja.

Wa kwanza aposwa na karani wa Kilifi. Woga wake ulianza wageni walipoanza kuhesabiwa. Juzi aliogopa macho ya watu, jana aliogopa kwamba wali hautatosha, leo aogopa mama mkwe na upweke wa kumwacha mama yake mzazi. Alipomweleza mchumba wake, yule kijana alimsikiliza, akakiri kwamba yeye pia halali, na wakakubaliana kwamba kila mwisho wa mwezi atakwenda kwao. Tangu hapo moyo wake ulipungua mzigo, ingawa siku ya pili alilia tena kwa ajili ya viatu. Woga wa namna hii huhamahama. Huogopa siku yenyewe na maisha mapya, wala haumwogopi mtu.

Wa pili aposwa na mwanamume asemaye kwamba ana kazi Mtwapa. Shaka yake ilianza miezi minne iliyopita, kabla hata ya kununuliwa doti moja ya kanga, nayo imesimama pale pale. Aliuliza watakaa nyumba gani. Akajibiwa kwa ukali kwamba mwanamke hamhoji mumewe. Aliuliza juu ya mke wa kwanza. Akaambiwa ameachwa, lakini hati ya talaka haikuonekana. Siku moja alishikwa mkono kwa nguvu hata ukabaki na alama, na kesho yake akaletewa zawadi na maneno matamu. Tena ameambiwa apunguze kwenda kwa dada yake. Katika posa alikuja rafiki mmoja tu wa mwanamume. Wazee wake hawakuonekana.

Wote wawili walia, na shangazi zao wawaambia neno lile lile.

Somo aliye hodari hatosheki na neno hilo. Humwita msichana kando, mbali na wenye ngoma, akamwuliza: waogopa nini hasa? Woga huu ulianza lini? Na ulipomwambia mwenzako, alifanya nini? Swali la mwisho ndilo zito kupita yote. Mtu mwema aweza kuwa maskini, au mkimya, au mwenye mama mkali. Lakini akielezwa shaka hutafuta njia ya kuiondoa. Yule anayejibu shaka kwa ghadhabu, kwa uongo au kwa mkono, amekwisha kuonyesha atakavyojibu mwaka wa kumi wa ndoa. Wako wasemao kwamba akioa atatulia. Hilo ni tumaini, wala hakuna katika nikaha kitu cha kumgeuza mtu tabia.

Mambo mengine yaweza kuchunguzwa bila ugomvi. Mjomba wa yule msichana wa pili aweza kupanda gari asubuhi, akafika Mtwapa, akauliza kazini na kwa majirani. Kwa Mwislamu kuwa na mke mwingine si kosa. Kosa ni kumficha. Kwa wanaofunga ndoa ya Kikristo au ya serikali, Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 yaruhusu mke mmoja tu, na matangazo yasomwayo kanisani yamewekwa makusudi ili mwenye kujua kizuizi aseme mapema.

Kinachowafunga watu mdomo mara nyingi ni mahari. Imekwisha kupokewa, na pengine imekwisha kuliwa. Miongoni mwa Wagiriama jambo ni zito zaidi, kwa kuwa tembo la mnazi limenywewa na wazee, na wazee hao ndio mashahidi wa mapatano. Bwana David Parkin aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya watu wa Kaloleni. Kuvunja uchumba ni kuwarudia wazee wote wale. Lakini sheria ile ile ya 2014 yasema kwamba ahadi ya kuoana haimfungi mtu kuoa wala kuolewa, ingawa aliyepata hasara kwa kuvunjwa ahadi aweza kudai fidia. Na kwa Waislamu, mahari iliyotangulizwa hurudishwa yote ikiwa nikaha haikufungwa. Ikifungwa, kisha talaka ikaja kabla ya wawili kuingiliana, nusu ni ya mke. Wala si dini inayomlazimisha mwanamke: Khansa binti Khidam, aliyeozwa na baba yake bila ridhaa, alimwendea Mtume, na ndoa ile ikabatilishwa.

Tuseme mjomba amerudi kutoka Mtwapa na habari kwamba mke wa kwanza yumo nyumbani, hakuachwa, wala hajui lolote la arusi. Hapo walii hana haja ya kutukana mtu. Humwita yule rafiki aliyeleta posa, mbele ya mashahidi wawili. Humrudishia fedha za mahari zilizobaki na kuandika tarehe ya kulipa zilizotumika, huku zawadi zikijadiliwa moja moja. Kisha huwapelekea habari walioalikwa. Msichana wa kwanza, ambaye arusi yake yaendelea, akaombe kwa jirani masufuria yaliyokwisha kukodiwa.