Sehemu ya 6: Hiyo asilimia 93 imetoka wapi?

Leo siongelei homa wala uji. Naongelea lile jedwali linalobandikwa ukutani mkija kliniki, lenye safu za tulipoanzia, lengo, tulichopata, na mwisho asilimia ya lengo. Mama mmoja aliniuliza, "Nesi, hapa wameandika udumavu asilimia 93 ya lengo. Si ndiyo umeisha?" Nikacheka kidogo, halafu nikaona ameuliza jambo zito.

Tuchukue namba za nchi, hazina siri. Utafiti wa afya wa 2015/16 ulikuta watoto 34 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Hapo ndipo tulipoanzia. Mpango wa taifa wa lishe wa 2016 hadi 2021 ukaweka lengo: wafike 28. Utafiti wa 2022 ukakuta 30.

Sasa kuna mtu atachukua 28 agawe kwa 30, apate asilimia 93. Inapendeza kwenye ripoti. Lakini jaribu hesabu hiyohiyo kwa mwaka wa kwanza, kabla hata senti moja haijatumika: 28 gawa kwa 34, unapata 82. Kwa hiyo ungekaa nyumbani ukala ndizi zako, usifanye chochote, na bado ungeandikiwa asilimia 82 ya lengo! Mimi hesabu ya namna hiyo siikubali, hata ikiletwa na bosi.

Njia ninayoiamini inauliza safari ilikuwa ya umbali gani na tumetembea kiasi gani. Kutoka 34 kwenda 28 ni hatua 6. Tumetoka 34 tukafika 30, hatua 4. Nne kwa sita ni asilimia 67. Siyo aibu, kazi imefanyika. Ila theluthi ya safari imebaki, na theluthi hiyo ni watoto wa watu. Ndiyo maana safu ya "tulipoanzia" isifutwe kamwe, maana ikifutwa hakuna anayeweza kukushtukia.

Kuna jambo la pili, na hili linatugusa sisi moja kwa moja. Malengo yanagawanywa kwa mwaka, lakini udumavu wa nchi hupimwa na tafiti kubwa zinazokuja baada ya miaka kadhaa. Hapo katikati jedwali la mwaka linajazwa kutoka wapi? Kutoka kwa watoto wanaokuja kliniki. Na mnajua wenyewe, akishapata chanjo ya pili ya surua na rubela kwenye miezi 18, wengi hatuwaoni tena mpaka augue. Mtoto wa miaka mitatu aliyedumaa kule kijijini haingii kwenye hesabu yetu, kwa hiyo tunaonekana wazuri kuliko tulivyo.

Halafu mizani. Mtoto anaweza kuwa na uzito mzuri, kadi iko kwenye kijani, mama anaondoka anafurahi, kumbe urefu umebaki nyuma. Uzito kwa umri hauonyeshi udumavu vizuri, unaoonyesha ni urefu kwa umri. Wa chini ya miaka miwili apimwe amelala kwenye ubao, kichwa kimeshikwa na miguu imenyooshwa, mkubwa zaidi asimame. Kazi hiyo inataka watu wawili na dakika chache, na siku foleni imefika nje mlangoni ndiyo inayorukwa kwanza. Nakiri, na mimi nimeshairuka. Safu ya urefu ikiwa tupu kwenye kadi, asilimia yoyote ya udumavu inayotoka kwenye kituo hicho ni ya kubahatisha.

Watu wanashangaa, Rungwe tuna ndizi, maziwa, viazi, maharage, parachichi, udumavu unatoka wapi? Mikoa yetu hii ya nyanda za juu ndiyo yenye chakula, na Iringa mwaka 2022 ilikutwa na zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa. Mtoto anashiba ndizi mbili kwa siku, mama yuko shambani kwenye chai tangu alfajiri, nani amlishe mara nne au tano? Hiyo tutaiongea sehemu ya 7.

Kwa leo, fungua kadi ya mtoto wako. Angalia mara ya mwisho kuandikwa urefu ilikuwa lini. Kama hakuna, ukija kliniki mwezi huu sema, "Nesi, naomba na urefu." Akikununia kidogo mvumilie, foleni ni ndefu, lakini usiondoke kabla hajapima.