Ofisa wa benki hakopeshi ndoto



Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu semina za ujasiriamali wanazohudhuria vijana wetu.

Jirani yangu mmoja hapa Ruaha, wilayani Kilosa, anakoboa mpunga kwa mashine ya kukodi. Mwenye mashine huchukua nusu ya mapato. Ndugu huyu alikwenda semina akarudi na slaidi 14 za kupendeza: picha za mashamba, ukubwa wa soko la mchele nchini, na mstari unaopanda kama mlima. Alipozipeleka benki, ofisa mikopo alizitazama kwa heshima, kisha akamwambia alete ukurasa mmoja. Jirani akaja kwangu, kwa kuwa mwalimu ndiye hudhaniwa anajua kuandika kila kitu.

Kosa halikuwa lake. Slaidi za namna ile hutengenezwa kwa mtu anayetaka kununua sehemu ya biashara. Huyo hufaidi biashara ikikua mara kumi, kwa hiyo soko kubwa linamhusu. Benki ikikukopesha hupata fedha yake na riba, basi, hata ukitajirika namna gani. Inachouliza ni kama utaweza kulipa katika mwezi ulio mbaya kuliko yote. Aidha, mara nyingi ofisa unayezungumza naye haamui peke yake. Huandika taarifa kwa wakubwa wake, na wewe hutakuwapo kujieleza. Ukurasa wako ndio utakaokusemea.

Tulianza na ombi lenyewe: shilingi 9,000,000 za kununua mashine ya umeme ya shilingi 12,000,000, mwombaji akitoa 3,000,000 zake. Katika slaidi, ombi hilo lilikuwa ukurasa wa 13! Soko la taifa tulilifuta lote. Mahali pake tuliandika kilo alizokoboa mwaka uliopita, 200,000, kwa ada ya shilingi 80 kila kilo, yaani mapato ya 16,000,000. Ushahidi ni daftari lake la kila siku pamoja na risiti za LUKU. Hizo risiti zilimfurahisha ofisa, maana mtu aweza kuongeza kilo katika daftari, lakini mashine haikoboi bila kula umeme.

Hapo ndipo tulipogundua jambo lililofichwa na ule mstari wa mlima. Tulikadiria kwamba akiwa na mashine yake, umeme, msaidizi na matengenezo vitakula 6,000,000 kwa mwaka, na nyumba yake 3,600,000. Hubaki 6,400,000, kiasi cha 533,000 kwa mwezi. Rejesho la miaka miwili, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya deni lililobaki, ni kama 450,000. Kwa wastani anaweza.

Lakini mpunga hauvunwi kwa wastani. Kilo 140,000 alizikoboa kati ya Juni na Oktoba. Miezi saba mingine alipata kama 685,000 kila mmoja. Ukitoa gharama za 400,000 na za nyumbani 300,000, hakuna hata senti ya rejesho. Angesaini yale marejesho sawasawa bila kuweka akiba ya msimu, angekwama mapema baada ya msimu, na dhamana ni kiwanja chenye nyumba ambamo watoto wanalala.

Kwa hiyo tuliandika udhaifu huo wazi, katikati ya ukurasa, na dawa yake chini yake. Mkopo utoke mwishoni mwa Mei. Alipe 1,000,000 kila mwezi kuanzia Juni hadi Oktoba, na miezi mingine alipe riba peke yake, ambayo kwa deni litakalobaki ni kama 68,000, kutoka katika akiba ya msimu. Deni litaisha Oktoba ya pili. Mistari ya mwisho ilitaja dhamana, idhini ya mkewe, na nini kitafanyika mashine ikiharibika katikati ya msimu: kuna fundi Mikumi, na fedha za vipuri zimetengwa.

Jirani aliogopa kwamba kuandika udhaifu ni kujichongea. Nilimwambia ofisa anajua msimu wa mpunga kuliko sisi. Asipouona katika karatasi atadhani tunamficha, au kwamba hatuijui biashara yetu. Kweli, swali lake la kwanza lilikuwa la mwezi Februari, na jibu lilikuwa mbele yake. Karatasi aliipokea, na sasa tunangoja uamuzi.

Nawaomba waendesha semina wakipita tena huku waache siku moja ya slaidi, wawaambie vijana waje na madaftari yao, kisha waandike mapato ya kila mwezi, Januari hadi Desemba, kabla ya kuchora mstari wowote.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ruaha, Kilosa.