Wastani Mmoja Hautoshi Mlimani na Tambarareni

Milima ya Uluguru huanza kupanda kandokando ya mji wa Morogoro, takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na vilele vyake virefu hupita mita 2,600. Katika Wilaya ya Mvomero, Mgeta iko juu penye baridi, ilhali Doma iko chini kwenye tambarare yenye joto. Kwa malaria, mwinuko huo si jambo dogo. Vimelea vya falsiparamu hukua polepole ndani ya mbu kadiri hewa inavyopoa, na joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi za selsiasi, mbu wengi hufa kabla vimelea havijakomaa. Kwa hiyo zahanati mbili za halmashauri moja huweza kuhitaji dawa mseto kwa viwango visivyolingana hata kidogo.

Hoja ya makala hii ni kwamba taarifa za matumizi ya dawa zinapojumlishwa, wastani pekee hautoshi. Kando yake iandikwe pia jumla ya miraba ya tofauti, yaani hesabu inayozaa kile kipimo cha mtawanyiko kiitwacho varianzi. Hesabu hiyo ndiyo inayoweza kutuonyesha kama matumizi yanapandashuka kwa sababu ya miezi au kwa sababu ya mahali.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye namba ndogo ili kila msomaji aweze kuzihakiki kwa kalamu. Zahanati ya mlimani ilitoa dozi 6, 8 na 10 katika miezi mitatu. Wastani wake ni 8. Zahanati ya tambarareni ilitoa dozi 30, 32 na 34 katika miezi hiyo hiyo. Wastani wake ni 32.

Tuanze na mlimani. Toa wastani katika kila namba: utapata −2, 0 na 2. Ukizijumlisha jinsi zilivyo, jibu ni sifuri, na litakuwa sifuri daima, kwa kuwa wastani ndio hasa mahali ambapo upungufu na ziada husawazishana. Ndiyo maana kila tofauti huzidishwa kwa yenyewe kwanza: 4, 0 na 4. Jumla ni 8. Tambarareni tofauti ni zile zile, kwa hiyo jumla ya miraba yake nayo ni 8. Kila zahanati, ikitazamwa peke yake, ni tulivu.

Sasa tuziunganishe zahanati hizo mbili kama fungu moja la taarifa sita. Wastani wa wote ni 20. Tofauti za mlimani zinakuwa −14, −12 na −10. Za tambarareni ni 10, 12 na 14. Miraba yake ni 196, 144, 100, 100, 144 na 196, na jumla yake ni 880. Ili kupata varianzi tunagawanya kwa 5, si kwa 6, kwa sababu wastani ukishajulikana, tofauti tano zinatosha kuitaja ya sita. Tunapata 176. Kipeuo chake cha pili, yaani mkengeuko sanifu, ni dozi 13 na ushei.

Ofisa anayesoma taarifa hiyo ya pamoja ataona wastani wa dozi 20 na mtawanyiko wa dozi 13. Ni rahisi adhani kwamba mahitaji hayatabiriki, kisha apeleke dozi 20 kila mahali na kuongeza akiba ya tahadhari. Mlimani dawa itarundikana hadi muda wake wa matumizi upite. Tambarareni dozi 20 zitaisha kabla ya mwezi kwisha, na mama aliyembeba mtoto mwenye homa ataambiwa akanunue dukani.

Jumla ya miraba ingemzuia ofisa huyo asikosee. Katika ile 880, ndani ya zahanati zenyewe kuna 8 na 8, yaani 16 tu. Zinazobaki ni 864, nazo zinatokana na umbali wa kila zahanati kutoka wastani wa pamoja: kila moja iko mbali nao kwa dozi 12, mraba wa 12 ni 144, na taarifa ni sita. Zidisha 144 kwa 6 upate 864. Hivyo karibu mtawanyiko wote ni wa mahali, na sehemu ya miezi ni ndogo mno. Hapa haihitajiki akiba kubwa. Kinachohitajika ni mgao tofauti kwa kila mahali.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tusizichukue tofauti bila alama za kutoa, tukaiacha miraba. Tujaribu. Kutoka wastani wa pamoja, jumla ya tofauti ni 72. Ndani ya zahanati ni 4 na 4, yaani 8. Kati ya zahanati ni 12 mara 6, yaani 72. Ukijumlisha 8 na 72 unapata 80, wala si 72 tuliyoanza nayo. Mafungu hayaungani. Miraba huungana kikamilifu kila mara, mradi kila fungu lipimwe kutoka wastani wake. Ronald Fisher, aliyelitumia neno varianzi katika makala yake ya mwaka 1918, baadaye alijenga juu ya sifa hiyo njia nzima ya kuchambua vyanzo vya mtawanyiko. Mkengeuko sanifu hauna sifa hiyo: kila zahanati yetu ina mkengeuko wa dozi 2, lakini wa pamoja ni 13.

Hata hivyo, miraba ina udhaifu wake: hukuza makosa. Namba 34 ya tambarareni ikiandikwa 340 kwa kuteleza kalamu, jumla ya miraba ya zahanati hiyo inaruka kutoka 8 hadi 63,656. Mruko wa namna hiyo ni ishara ya kurudi kwenye rejesta kabla ya kuamini lolote. Kosa la hatari zaidi ni sifuri. Dawa ikikosekana mwezi mzima, matumizi huandikwa 0 ingawa wagonjwa walikuja. Sifuri hiyo hupunguza wastani na kukuza miraba, ilhali haisemi lolote kuhusu mahitaji. Itambuliwe kwa kulinganisha leja ya dawa na rejesta ya wagonjwa: kama vipimo vya haraka vilionyesha malaria na dozi zilizotolewa ni 0, mwezi huo usiingizwe katika hesabu kama mwezi wa kawaida.

Kwa hiyo napendekeza kila zahanati iandike namba tatu: idadi ya miezi, wastani, na jumla ya miraba ya tofauti. Kwa namba hizo tatu, mfamasia wa wilaya anaweza kuunganisha zahanati zozote bila kuomba upya takwimu za kila mwezi: atajumlisha miraba ya ndani, kisha atazidisha mraba wa umbali wa kila wastani kutoka wastani wa wote kwa idadi ya miezi yake. Sehemu ya pili ikiizidi sana ya kwanza, kama ilivyo hapa, asigawe dawa kwa wastani mmoja. Nawe mgonjwa wa tambarareni, ukiambiwa kwamba wilaya ilipokea dawa za kutosha kwa wastani, una haki ya kuuliza: wastani huo ni wa zahanati yetu, au umechanganywa na wa mlimani?