Zimebaki Siku 30, na Gauni Halijajaribiwa



Kila msimu wa harusi, na hasa Shaaban na Mfungo Mosi, simu zinalia alfajiri. "Zimebaki siku 30, bi harusi wetu! Kazi ya leo: kunywa glasi nane za maji." Kesho yake zimebaki 29, jipake liwa. Keshokutwa lala mapema. Saluni zinaziuza meseji hizi pamoja na singo na mapambo, mashoga wanazituma kwa mapenzi, na bi harusi anazipokea huku anatabasamu. Sisi tunaoshona tumezisoma nyingi, kwa sababu mabibi harusi wanatuonyesha wakiwa wamekaa kwenye kiti chetu wanasubiri kupimwa. Leo tunasema wazi: nyingi katika hizo zinamdanganya bi harusi. Zinamfanya ajione yuko mbele ya kazi na huku kazi yenyewe imeshampita.

Hatupingi kuhesabu. Harusi ina siku yake, na asiyehesabu hushtukizwa. Tunapinga namna inavyohesabiwa. Mwandishi wa meseji hizi anaanzia siku ya 30 kwa sababu 30 ni namba nzuri, kisha anatafuta vitu thelathini vya kujazia. Kazi za harusi hazipangwi hivyo. Kila kazi ina muda wake wa kuiva, na lazima ibaki nafasi ya kurekebisha ikiharibika. Anayejua kupanga husimama siku ya nikahi akarudi nyuma.

Chukueni gauni la kutoka nje, lile la ukumbini, lenye lesi na shanga. Tuseme harusi ni Jumapili. Sisi tunataka gauni liwe limekwisha zikibaki siku 7, litundikwe, liguswe tu kwa pasi. Ili liishe siku hiyo, jaribio la mwisho liwe zikibaki siku 10, na pindo la chini lipimwe siku hiyo hiyo, bi harusi akiwa amevaa viatu vyake vya harusi. Jaribio la kwanza, gauni likiwa limepigwa bandi tu na shanga hazijatiwa, liwe zikibaki siku 21. Kukata kuwe zikibaki siku 35. Vipimo na kitambaa viwe mkononi zikibaki siku 40. Sasa itazameni meseji ya siku ya 30. Inamwambia anywe maji, wakati gauni lilitakiwa liwe limeshakatwa siku tano nyuma.

Tulikuwa na bi harusi mmoja, jina lake tunalihifadhi. Alijiunga na meseji za saluni moja, siku 30 kamili. Alikuja kupimwa zikibaki siku 28, kiuno sentimita 78. Tulimwambia arudi baada ya wiki moja kujaribu. Hakurudi, kwa sababu kila asubuhi simu ilimpa jambo jingine: rangi ya kucha, mafuta ya nywele, punguza wali, usile usiku. Meseji hizo zote alizitekeleza vizuri mno. Alipokuja zilikuwa zimebaki siku 3, na kiuno kilikuwa 73.

Sentimita tano si nyingi kwa kuzisikia. Kwenye gauni zinagawanywa kwenye mishono miwili ya ubavuni, kila mshono upungue sentimita mbili na nusu. Lakini lesi ilikuwa imeshashonwa juu ya bitana, na shanga zimepita mpaka kwenye mshono wenyewe. Hapo hukazi tu kwa cherehani. Unazing'oa shanga moja moja kwa mkono, unafumua lesi, unafumua bitana, unashona upya, kisha unazirudisha shanga. Na kifua nacho kilikuwa kimeshuka, maana aliyepungua kiuno amepungua na juu. Tulikesha usiku mbili. Gauni lilivaliwa, alhamdulillahi, lakini mstari wa shanga ubavuni haukukutana sawasawa, na yeye aliuona. Na kama angeongezeka badala ya kupungua, na ndani ya mshono hakukuachwa kitambaa cha akiba, usiku mia zisingetusaidia. Kitambaa kilichokatwa hakirefuki.

Lawama tunaibeba na sisi. Tulikaa kimya tukimsubiri, wakati saluni inazungumza naye kila alfajiri. Lakini ndilo jambo lenyewe tunalolisema: aliyeshika masikio ya bi harusi ndiye anayeamua ashughulike na nini. Ukimpa kazi ya kupunguza wali na usimpe kazi ya kurudi kwa fundi, umemharibia gauni bila ya kulishika.

Kitu cha pili ni hina na piko. Meseji zinaiandika hina "zimebaki siku 1", kwa sababu usiku wa kuamkia harusi ndio wenye shamrashamra. Hina ya majani ukiibandua huwa ya rangi ya chungwa. Wekundu wake unakolea taratibu, na unafikia ukomo baada ya siku moja hadi mbili. Anayepaka usiku wa kuamkia harusi anakwenda ukumbini na hina changa, na siku yake nzuri zaidi inakuja wageni wameshaondoka. Hina ya majani ikae zikibaki siku 2.

Piko nyeusi ina habari nzito zaidi. Piko nyingi inachanganywa na rangi ya nywele yenye dawa inayoitwa PPD. Mtu anaweza kuipaka mara kadhaa salama, kisha mwili ukaikataa: ngozi ikawasha, ikavimba, ikatoa malengelenge kwa umbo lile lile la maua yaliyochorwa. Kovu linaweza kubaki. Tena si lazima itokee pale pale. Yule ambaye mwili wake umeshaizoea kuikataa huona dalili baada ya siku moja mbili au tatu. Yule wa mara ya kwanza huweza kuchukua hata wiki na zaidi. Kwa hiyo nukta ndogo nyuma ya sikio ijaribiwe zikibaki siku 14, na aliyewahi kuwashwa na rangi ya nywele asiiguse piko kabisa, hata kwa majaribio. Katika meseji zote tulizoonyeshwa, hiyo hatujaiona hata mara moja. Glasi za maji tumeziona.

Tena kuna tatizo la hesabu yenyewe. "Zimebaki siku 2", leo imo au haimo? Saluni inahesabu na leo, shangazi hahesabu. Na sisi watu wa visiwani usiku wetu hutangulia mchana: usiku wa Jumamosi kwa bibi zetu ni ule unaoingia Ijumaa magharibi, kwa vijana ni Jumamosi yenyewe baada ya isha. Mchoraji wa hina akiambiwa "usiku wa Jumamosi" anaweza kugonga hodi siku ambayo nyumbani hakuna mtu. Harusi ikipangwa kwa kuhesabia Idi, mwezi nao una 29 au 30, na hesabu nzima inasogea siku moja. Dawa yake ni ndogo: meseji iandike siku, tarehe na saa, "Ijumaa baada ya alasiri", wala isitegemee namba peke yake.

Tumefika kwenye lile linalotuuma zaidi. Siku thelathini, kazi thelathini, zote ni za mwili wake. Hakuna asubuhi moja iliyomuuliza bi harusi: mahari yako unaijua? Kiasi gani? Taslimu au deni, na imeandikwa wapi? Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa aya ya nne ameamrisha wanawake wapewe mahari yao. Ni haki yake yeye, si ya baba wala ya mjomba. Ridhaa yake nayo inaulizwa, na walii ndiye wa kumuuliza, kwa utulivu, si siku ambayo wageni wameshajaa uani na sufuria za pilau ziko motoni. Tumewapima mabibi harusi wanaojua rangi ya kucha za siku ya fungate na hawajui mahari yao. Kazi hii ndiyo ya kwanza kabisa kwenye orodha, kabla ya kitambaa, kwa sababu ndiyo inayoweza kubadilisha kila kitu kilichobaki.

Watatuambia: nyinyi mnataka kumtia bi harusi wasiwasi, mwacheni afurahi. Wasiwasi unatoka wapi? Yule wa kiuno 73 alilia kwenye kiti chetu, na alilia kwa sababu alifurahishwa siku 27 mfululizo. Wengine watasema kazi kubwa ni za mama na mashangazi. Sawa kabisa, basi meseji iende kwao. Bi harusi hana haja ya kupokea habari ya gari la kuchukua sanduku. Kila kazi iwe na jina la mtu mmoja, na mtu huyo ajibu. Kazi isiyojibiwa irudi kesho asubuhi vile vile, isizikwe chini ya kazi mpya. Meseji za sasa zina ila hiyo kubwa: ya leo inafuta ya jana, na ya jana haikufanyika.

Sisi tungeandika hivi:

"Bismillahi. Leo Jumapili, zimebaki siku 21. Harusi Jumapili ya tatu baada ya hii, inshaallah. Kazi ya leo ni moja. Bi harusi akajaribu gauni saa nne asubuhi, achukue viatu na sidiria ya siku ya harusi. Shangazi amsindikize. Mkirudi jibuni: limekaa, au halijakaa na linabana wapi."

Haina maua wala mioyo myekundu. Lakini likijibiwa "halijakaa", zimebaki siku 21 za kulikalisha.

Na hiyo inshaallah hatukuiweka kwa pambo. Katika Suratul Kahf tumekatazwa kusema jambo tutalifanya kesho bila ya kulifungamanisha na matakwa ya Mwenyezi Mungu. Meseji inayotangaza "zimebaki siku 12 uwe mke wa mtu" imezungumza kama mwenye kumiliki hizo siku kumi na mbili.

Kwa hiyo, bi harusi, kabla hujailipia saluni hesabu yao, iombe orodha yote kwa pamoja, uisome kuanzia mwisho. Tafuta siku ya mahari, siku ya kujaribu gauni, na siku ya kujaribu piko. Usipoziona, rudisha orodha yao. Chukua daftari, andika tarehe ya nikahi chini kabisa ya ukurasa, kisha panda juu ukihesabu. Ukikuta siku ya vipimo imeshapita, usisubiri meseji ya kesho. Vaa buibui uje leo.

Wabillahi tawfiq.